Mkorogo wa Simu

Mtaani, anayejipaka mkorogo hutambulika kwa vifundo vya vidole: uso unang'aa, vifundo vimebaki na rangi aliyozaliwa nayo. Kipimo hicho kinatosha hata kwa filta za picha, ila wengi huanza kwa kuutazama uso, na uso ndio shahidi anayehongeka upesi. Tuchukue picha moja: binti kasimama kivulini kando ya Ziwa Singidani, shati jeupe, ua la alizeti mkononi, mawe makubwa nyuma yake. Nakala ziko nne: ya kamera, ya joto, ya kung'arisha na ya kulainisha ngozi. Kabla ya kumtazama binti, yaulizwe mawe. Ni ya kijivu, mji mzima wa Singida unajua. Kwenye nakala ya joto yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na alizeti imekolea hadi mistari ya petali imepotea. Basi ngozi nayo imeelekea kwenye tofali, hata kama inapendeza.

Ya kung'arisha ina ujanja zaidi. Ngozi nyeusi hukaa upande wa giza wa picha, na filta ikiinua giza hilo bila kulinda wekundu uliomo, shavu hugeuka majivu, binti akaonekana ametoka mashine ya kusaga. Ya kulainisha, yenyewe, inagusa uso tu. Mawe yako sawa, shati liko sawa, lakini uso umehamia ng'ambo na shingo imebaki Singida. Vifundo vilivyoshika bua la alizeti vinamaliza kesi. Tena imefuta mng'ao wa paji na mfupa wa shavu, ambao ndio unaochonga sura ya mtu mweusi pichani. Bila huo, uso ni chapati.

Atasema mtu: basi tuchukue ya kamera, yaishe. Si lazima. Kamera nayo ina malezi yake. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu. Halafu kivulini mwanga mwingi hutoka kwenye anga la buluu, na kola ya shati letu imeingia ubuluu kidogo. Dawa yake ni ileile nakala ya joto, ikirudishwa nyuma taratibu mpaka kola iwe nyeupe na mawe yawe kijivu, kisha ilazwe ubavuni mwa ile ya kamera, na simu isiwe kwenye ile hali ya usiku inayopaka kioo chote umanjano.

Mwingine atasema picha ni ya kupendeza, si ya mahakamani. Sawa, kama ni ya kuweka status. Ikiwa imetumwa kwa ajili ya posa, washenga watashuka basi kutoka Manyoni wakimtafuta mtu asiyekuwepo, na mwenyewe kasimama mbele yao na sahani ya kuku.