Kwenye Kioo Kuna Kochi la Nani?

"Mwanangu, mbona ndani ya kioo kuna kochi la watu wengine?"

Aliyeuliza ni mama mkwe wa mteja, bibi aliyejikuta kikaoni kwa sababu gari lililotuletea mteja ndilo lililokuwa limpeleke Kariakoo baadaye. Hakuwa na cheo chochote kwenye mradi. Alipewa kiti cha pembeni na chai ya rangi, na sisi tuliobaki tukawa tunatazama ukutani, ambapo projekta ilikuwa inaonyesha sebule ya nyumba ya Kigamboni ambayo bado haijachimbiwa hata msingi. Katikati ya sebule kuna kochi kubwa, kijani kilichokolea. Nyuma yake kuna kioo cha ukutani kirefu, chenye fremu ya mninga. Watu wazima wote mezani walitazama kochi, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bibi akatazama kioo. Ndani ya kioo, kochi hilohilo lilikuwa rangi ya damu ya mzee.

Nilimjibu, "Shikamoo." Tulikuwa tumeshaamkiana.

Hapo ndipo msanifu wa jengo, aliyekuwa amenyamaza tangu tuanze, akaona naye apate lake. Akasogea karibu na ukuta, akaweka kidole chini ya dirisha, akasema hata rangi ya ukuta jirani na kochi ina wekundu fulani, kana kwamba ukuta unaona haya. Alikuwa sahihi, na nitamchukia kwa hilo hadi mwisho wa mwaka.

Acha nieleze kilichotokea, maana mle kikaoni hakuna aliyetaka kusikia. Mteja alinipigia simu jioni ya kuamkia kikao: shemeji yake kasema damu ya mzee imepitwa na wakati, kochi liwe kijani. Picha ile ilikuwa imechukua usiku kucha kurenda kwenye Blender, kwa mtambo wa Cycles, feni ya kompyuta ikilia na luku ikiteketea. Kurenda upya hakukuwezekana kabla ya asubuhi. Lakini hakukuwa na haja, kwa sababu nilikuwa nimeihifadhi kwenye faili la OpenEXR pamoja na pasi zake zote, na mwenye pasi habembelezi mtambo.

Pasi ni mafungu ya mwanga. Picha iliyorendwa ni jumla tu, na pasi ni ile risiti ya mgahawa inayoandika chapati peke yake, mchuzi peke yake na soda peke yake, ukitaka kujua kilichokuumiza. Mtambo unapofuatilia miale unajua kila chembe ya mwanga iliyofika kwenye kamera ilipitia wapi: hii imetoka kwenye taa, ikagonga kitambaa, ikaja, hii imegonga ukuta kwanza, halafu kitambaa, hii imeteleza juu ya sakafu inayong'aa. Ukiuagiza, unakuandikia kila fungu kwenye tabaka lake. Kisha kwenye kompoziti, yaani sehemu ya kuunganisha picha kwa nodi, unayajumlisha mwenyewe:

```
  (DiffDir + DiffInd) * DiffCol
+ (GlossDir + GlossInd) * GlossCol
+ (TransDir + TransInd) * TransCol
+ Emit + Env
```

Jambo linaloniroga kila mara ni hilo la `DiffCol`. Ukilifungua peke yake unaona sebule isiyo na kivuli hata kimoja, kila kitu kimepakwa rangi yake halisi tu. Mwanga umewekwa kando, kwenye `DiffDir` (uliofika moja kwa moja) na `DiffInd` (uliodunda kwanza mahali pengine). Kwa hiyo ukibadilisha rangi pale kabla ya kuzidisha, vivuli, mikunjo na mwanga wa dirishani vinabaki kama vilivyo. Ukijaribu hivyohivyo kwenye picha iliyokwisha kujumlishwa, unapaka rangi hadi kwenye mng'ao, na kochi linakuwa la plastiki.

Kochi langu lilikuwa na nyekundu 0.40, kijani 0.05, bluu 0.04. Nililotaka ni 0.04, 0.16, 0.08. Kumimina rangi mpya moja kwa moja kungefuta mfumo wa nyuzi za kitambaa, kwa hiyo nikagawanya mpya kwa ya zamani na kupata 0.1, 3.2 na 2.0, nikazidisha `DiffCol` kwa namba hizo ndani ya kochi pekee. Kulitenga kochi ni kazi ya Cryptomatte, ambayo huandika kwenye kila pikseli majina ya vitu vilivyomo na kila kimoja kimefunika sehemu gani, hivyo hata ukingo uliochanganya kochi na ukuta unakatwa vizuri. Namba zake lazima zihifadhiwe kwa biti 32. Ukibana faili kwa biti 16 ili kuokoa nafasi, majina yanaharibika na huchagui kitu. Nyuzi zilibaki, kivuli cha mto kikabaki, nikalala kama mtoto.

Sasa kuhusu bibi. Cryptomatte inaandika kitu ambacho kamera imekiona kwanza. Kamera ikitazama kioo, kilichoonekana ni kioo. Kochi lililomo ndani halimo kwenye orodha kabisa, na rangi yake haimo kwenye `DiffCol`. Imeshapikwa pamoja na mwanga ndani ya `GlossInd`, kwa sababu ule mwale umeteleza juu ya kioo, ukagonga kitambaa, ndipo ukaenda kwenye taa. Na ule wekundu wa ukutani ni mwanga uliogonga kochi la zamani ukadunda ukutani: umo kwenye `DiffInd` ya ukuta. Pasi zinakumbuka kochi lililokuwepo wakati wa kurenda, na hakuna nodi ya kuzisahaulisha. Hata kwenye kochi lenyewe, ndani ya mikunjo, mwanga ulikuwa umedunda kutoka kitambaa chekundu hadi kitambaa chekundu. Ukizidisha mwanga mwekundu kwa rangi ya kijani, mikunjo inakuwa myeusi kupita kiasi. Hilo hakuna aliyeliona, nami sikujitolea kulitaja.

Dawa ilikuwepo, na niliitengeneza palepale ofisini, mteja akipokea simu. Cryptomatte ikanipa kioo; ndani ya kioo nikachora kinyago kwa mkono kufuata umbo la kochi; nikazidisha `GlossInd` kwa 0.1, 3.2 na 2.0 zilezile. Inafaa kwa sababu kochi la kitambaa karibu lote ni rangi mara mwanga. Hasara yake ni kwamba kijani dhaifu kinapokuzwa zaidi ya mara tatu, chembechembe za kelele zinakuzwa nacho, hivyo ni lazima uondoe kelele kwenye pasi hiyo kwanza. Ukuta nikaupunguzia ukali wa rangi kwenye `DiffInd`, kwa kinyago kinachofifia kadiri unavyokwenda mbali na kochi. Ukuta ulipaswa kuwa na ukijani kidogo, lakini jicho la mtu husamehe ukuta usio na rangi kuliko ukuta wenye rangi isiyo yake.

Nilipowasha projekta tena, bibi alikwisha kwenda Kariakoo.

Kikao kikahamia kwenye taa. Mteja alitaka taa zinazoning'inia juu ya meza "ziwake", kisha zilipowaka akataka zipoe. Wengi hawajui kwamba Cycles haitengenezi ule ukungu wa mwanga unaozunguka taa. Ukungu huo unazaliwa ndani ya lenzi na ndani ya jicho, mwanga mkali unapotawanyika, na mtambo hauna jicho. Taa inatoka ikiwa na ukingo mkavu kabisa, tunauongeza sisi kwa nodi ya Glare, na ndiyo maana kuupunguza ni suala la kuvuta namba, wala si la kurenda.

Lakini namba ipi? Nodi hiyo ina kizingiti, `Threshold`, na chochote kilichopita hapo kinamwaga mwanga. Kizingiti kikiwa 1, mapazia meupe yaliyopigwa na jua, ambayo kwangu yalisoma 1.6 hivi, nayo yanaanza kuvuja, na sebule nzima inaonekana imepakwa sabuni. Taa zilisoma karibu 40. Nikapandisha kizingiti hadi 5. Mapazia yakatulia, taa zikabaki. Hilo linawezekana kwa sababu EXR inahifadhi mwanga uliozidi 1 kama ulivyo. Kwenye PNG kila kilichozidi kimekatwa, pazia na taa zote ni nyeupe ileile, na hakuna kizingiti kitakachozitenganisha. Nilijaribu pia kuipa Glare pasi ya `Emit` peke yake ili nishike taa tu. Ikashika. Ila taa zilizoonekana ndani ya kioo hazimo kwenye `Emit`, zimo kwenye `GlossDir`, hivyo chumbani taa zilikuwa na ukungu na kiooni zilikuwa kavu. Safari hii nililiona mimi kwanza.

Kulikuwa na kisa cha mto wa manjano, lakini huo ulihamishwa mahali, na kuhamisha ni kurenda, basi.

Mwisho mteja akataka sebule hiyohiyo wakati wa jioni. Kwa bahati nilikuwa nimegawa taa kwenye makundi ya mwanga, taa za ndani kundi lake, jua na anga kundi lake. Mwanga hujumlishwa tu, kwa hiyo unazidisha jua kwa 0.05, taa kwa 3, unajumlisha, magharibi imeingia. Isipokuwa makundi hayo hutoka yakiwa picha nzima, hayakugawanywa rangi na mwanga, na kochi likarudi damu ya mzee. Nikazidisha tena kochi kwenye kila kundi, kioo kwenye kila kundi, ukuta kwenye kila kundi. Mteja akaipenda. Akauliza imechukua muda gani, nikamwambia ukweli, akacheka.

Ndipo utamu ulipoisha. Picha ya kwanza, ambayo kompyuta iliirenda mimi nikikoroma, aliilipa bila neno, kwa sababu "inachukua usiku kucha". Ya jioni, iliyonitaka nijue mwanga gani umedunda wapi na uko kwenye fungu lipi, hataki kuisikia: si umebonyeza tu? Ningekaa kimya nikairenda upya, nikampa keshokutwa na macho mekundu, angelipa. Wanaonifanyia hivi ndio walewale wanaodai kazi jioni ya kuamkia kikao. Nimewahi kufikiria kuchelewesha kwa makusudi, na ninawajua wenzangu wanaofanya hivyo, na siwalaumu hata kidogo.

Nimepeleka ankara ya picha mbili. Mhasibu ameirudisha. Ya jioni ameiandikia "marekebisho madogo", na kwenye safu ya kiasi ameweka kistari.