Twiga Anayekula Wino

Mtu akitaka kunipandisha presha, aniletee karatasi ya kazi yenye twiga. Mwenzangu mmoja hapa Nduguti, kijana mwenye kompyuta mpakato na moyo safi, kaleta ya kwake ya Hisabati, Darasa la Tatu. Kurasa mbili, fremu ya maua, twiga anayetabasamu, mistari chungu nzima ya kuandikia majibu. Maswali? Manne. Na matatu kati yake hayadai kukopa, ilhali andalio lake la somo linasema mwanafunzi atoe namba za tarakimu mbili kwa kukopa! Twiga mwenyewe akipita kwenye fotokopi anatoka mweusi tii.

Watoto ni 120. Kurasa mbili kila mmoja ni karatasi 240, karibu nusu ya rimu, na rimu hiyo hiyo inasubiriwa na mitihani.

Nikamwambia, mdogo wangu, kila swali liulize: nikisahihisha, nitajuaje huyu kaelewa? Lisilojibu, lifute. Tukafuta, tukaweka mengine, tukaishia na 52 − 27, 70 − 34, 68 − 25, na la kukosoa: “Juma ametoa 63 − 28 akapata 45. Amekosea wapi?” Mtoto anayetoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu, ataandika 35 kwenye la kwanza badala ya 25, nawe utamjua papo hapo. Hilo la 68 − 25 limewekwa kumnasa anayekopa hata pasipo shida. Walimu tunaoandikwa kwenye daftari la dukani kila tarehe 20 tunamwelewa.

Maswali hayo, kwa herufi za saizi 14, yanaenea robo ya A4. Karatasi moja inatoa vipande vinne, ukiacha nafasi ya kukatia na ya ukingoni, ambako mashine haifiki. Majibu yanakwenda daftarini, watoto wawili kipande kimoja: vipande 60, karatasi 15. Na kwa kuwa hakuna anayeandika juu yake, mwakani vinatumika tena.

“Sasa si tungeandika tu ubaoni, Mwalimu?”

Swali zuri mno, likaniudhi. Ni kweli, maswali ya kila mtu kufanya yale yale yaende ubaoni, chaki ipo. Ila kwenye karatasi ile ile robo mbili unazipa namba nyingine, toleo A na toleo B, ukagawa dawati hili A, la nyuma yake B. Shingo zinatulia, na hujatumia hata karatasi moja zaidi. Ubao ukijaribu hivyo, nusu yake inakwisha.

Darasa la Kwanza sipendekezi; wale bado wanaumba herufi, waachie mistari yao.

Juu ya kila kipande tukachapa USIANDIKE HAPA. Jioni nasahihisha, nakuta mmoja kaunakili mstari huo daftarini, kwa mwandiko wa kuvutia kabisa, na chini yake, kwa utiifu, hakuandika kitu.