Mshale Hausemi: Safari ya Slaidi Kuelekea Jaridani

Slaidi ya wasilisho huandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye wakati huohuo anamsikiliza mtu, na ndiyo maana inaruhusiwa kuwa na maneno manne, mshale mmoja na picha, kwa kuwa mwenye slaidi amesimama kando ya projekta akiziba kwa mdomo kila tundu ambalo slaidi imeliacha. Makala ya jarida la kitaaluma haina mtu wa kusimama kando yake. Hali hiyo, inayofahamika na kila mtafiti mpaka siku anapoketi kuandika, ndiyo asili ya madhila yanayoelezwa hapa, na ili yaonekane kwa karibu, na uchukuliwe mfano wa wasilisho la kubuni la dakika 15 kuhusu matumizi ya vyandarua katika vijiji vinne vya Tanzania, ambalo mwenyewe ameamua kuligeuza kuwa utangulizi na sehemu ya mbinu za utafiti, akijipa wikiendi moja.

Utangulizi huanza kwa kunakili slaidi ya pili, yenye kichwa “Malaria Bado ni Tatizo”, ambayo ukumbini ilifanya kazi yake vizuri, yaani kuwapa waliochelewa nafasi ya kutafuta viti. Katika makala hakuna wa kutafuta kiti. John Swales, mwanaisimu aliyechunguza jinsi tangulizi za makala zinavyojengwa, alieleza mwaka 1990 kwamba mwandishi kwa kawaida hupiga hatua tatu: huonyesha uwanja anaouzungumzia, kisha pengo lililomo katika uwanja huo, kisha namna utafiti wake unavyoliziba. Slaidi huwa na uwanja mpana kama Afrika nzima, na kuhusu pengo husema tu “Tafiti chache!”, alama ya mshangao ikiwa ndiyo hoja yenyewe. Mwandishi anapoligeuza hilo kuwa sentensi kamili hupata ujasiri usio na sababu, akaandika kwamba hakuna utafiti wowote uliowahi kufanyika juu ya suala hili, bila kukumbuka kwamba mhariri, akitafuta mhakiki, humtafuta mtu aliyewahi kuufanya. Pengo linalosalimika ni lile lililofinywa: kwamba inajulikana ni kaya ngapi zina vyandarua, ila haijulikani, katika vijiji vya aina hii, ni nani wanaovilalia miezi ya kiangazi mbu wanapopungua. Sentensi hiyo haimo katika slaidi yoyote. Ilisemwa kwa mdomo, tena mara moja, wakati wa kujibu swali la mzee aliyeketi safu ya mbele.

Kazi ngumu zaidi ni ya mbinu, kwa sababu slaidi yake ilikuwa hivi: Kaya 384 → Dodoso → SPSS → Matokeo. Ukumbini mishale hiyo ilipendeza. Kwenye karatasi inagundulika kwamba kila mshale ulikuwa umefunika uamuzi wa mtu fulani, na pengine ugomvi, na kwamba mtu huyo lazima sasa apewe kitenzi.

Namba 384 ni maarufu mno katika vyuo vya Afrika Mashariki, na inatokana na kanuni inayohusishwa na mwanatakwimu William Cochran, n = z²p(1 − p)/d², ambamo z ni 1.96 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, p ni uwiano unaokisiwa, nao huwekwa 0.5 pale mtu asipokuwa na fununu yoyote, na d ni kosa linalovumiliwa, aghalabu 0.05. Jibu ni 384.16, ambalo kwa haki lingepaswa kupandishwa liwe 385, lakini mila ina nguvu. Tatizo kubwa halipo kwenye hiyo kaya moja. Kanuni inadhani kwamba kila kaya imechaguliwa peke yake kutoka eneo zima, ilhali hapa zilichukuliwa kaya za vijiji vinne tu, na kaya za kijiji kimoja hufanana, kwani hata vyandarua vyao viligawiwa siku moja. Hasara ya ufananaji huo hupimwa kwa kile kiitwacho athari ya mpangilio wa sampuli, na ikikadiriwa kuwa 2, kaya 384 huwa na uzito wa kaya 192, na lile kosa la asilimia 5 lililong'aa ukutani hukaribia asilimia 7. Kurudi kijijini kuongeza kaya haiwezekani, fedha zilikwisha. Kinachobaki ni kuandika hesabu ilivyofanywa, kutaja upungufu wake, na kuuzingatia katika uchambuzi.

Vijiji navyo “vilichaguliwa kwa makusudi”, makusudi yenyewe yakiwa kwamba gari liliweza kuvifikia. Hili si aibu kuliandika, ni aibu kulificha, maana kijiji cha barabarani hufikiwa pia na wagawaji wa vyandarua. Ndani ya kijiji, kila kaya ya nne ilichaguliwa kutoka daftari la mwenyekiti, na hapo mhakiki atauliza swali ambalo ukumbi haukuuliza: kaya ikikutwa imefungwa, ilikuwaje? Ikiwa msaidizi wa utafiti alihamia kwa jirani, basi sampuli imependelea watu wanaoshinda nyumbani, na kanuni aliyoifuata, pamoja na idadi ya mara alizorudi kubisha hodi, ni lazima iandikwe. Ndipo mwandishi hugundua kwamba wasaidizi wawili walifuata kanuni mbili.

Neno “matumizi” nalo lilijitosheleza kwenye slaidi, likisaidiwa na picha ya chandarua kilichofunika bustani ya mchicha, ambayo ilichekesha ukumbi mzima. Makala hudai fasili inayopimika, na katika tafiti za kaya iliyozoeleka ni kwamba mtu alilala ndani ya chandarua usiku uliotangulia mahojiano. Kwa fasili hiyo mchicha haumo. Isitoshe, asilimia inabadilika kutegemea kama kinachohesabiwa ni kaya, watu wote, au watoto walio chini ya miaka mitano, na slaidi haikuwahi kusema.

Akichoka kutunga, mwandishi hukimbilia andiko la pendekezo la utafiti, ambalo lina kila kitu isipokuwa wakati uliopita. Hivyo makala humfikia mhariri ikitangaza kwamba kaya zitachaguliwa, dodoso litafanyiwa majaribio na takwimu zitachambuliwa, kana kwamba matokeo yaliyo kurasa mbili mbele yaliletwa na mtabiri. Kutafuta kiambishi “-ta-” kwa kompyuta hakusaidii sana, kwa kuwa kompyuta huleta pia kitanda, mtaa na taarifa.

Dawa iliyopo ni mwongozo uitwao STROBE, uliotolewa mwaka 2007 kwa tafiti za uchunguzi, yaani zile ambazo mtafiti huangalia bila kuingilia kati. Una vipengele 22, na cha 4 hadi cha 12 vinahusu mbinu. Anayeupitia huku amefungua slaidi huona upesi kwamba majibu mengi yamo katika slaidi za akiba, zile zilizojipanga nyuma ya “Asanteni kwa Kunisikiliza” zikisubiri swali ambalo halikuulizwa: ramani, dodoso, na namba ya kibali cha maadili kilichotolewa tarehe 14 Juni. Kati yake imo pia picha ya msaidizi akimhoji mama mmoja chini ya mwembe, nayo pembeni ina tarehe ya 2 Juni. Wikiendi iliyobaki hutumika kuwapigia watu simu kuthibitisha kwamba saa ya kamera ile haijarekebishwa tangu inunuliwe, maelezo ambayo, kwa bahati mbaya, hayana kipengele chake katika vile 22.