Tiki Sitini na Pilau Moja

Slaidi ya kwanza ilikuwa na picha ya Mzungu mwenye glovu nyeupe akilitazama jani la letusi kwa huba. Slaidi ya mwisho, ya 94, iliandikwa "Asante". Baina ya huyo bwana na hiyo asante ndimo yalimokaa mafunzo ya usalama wa chakula ya hoteli niliyofanyia kazi, hoteli moja ya pwani ambayo jina lake halina haja ya kuingia humu. Kila mwaka watu wote wa jikoni walikusanywa ukumbini saa nane mchana, wametoka kula, taa zikazimwa, kiyoyozi kikawashwa. Kama kuna njia bora zaidi ya kuwalaza watu wazima kwa pamoja, bado sijaiona.

Ndipo meneja wetu akarudi kutoka kwenye mkutano na wazo. Slaidi zote zifupishwe ziwe karatasi moja, kila mfanyakazi aweke tiki, mkaguzi akija aonyeshwe faili. Wazo lenyewe si baya hata kidogo. Tatizo ni kwamba alilitekeleza mwenyewe, usiku huohuo, kwa kuchukua vichwa vya slaidi na kuvichorea visanduku mbele yake.

Karatasi ikatoka na visanduku sitini. "Umuhimu wa usafi umeeleweka." Tiki. "Chakula ni salama." Tiki. "Bakteria wamedhibitiwa." Tiki, maana nani atakubali kuandika kwamba leo bakteria wamemshinda? Kijana wa kuosha vyombo aliweka tiki kwenye "Uchafuzi mtambuka umeepukwa" kisha akamuuliza shefu huo ni ugonjwa gani.

Wiki ya kwanza faili lilipendeza. Wiki ya pili nikaanza kulisoma, kwa sababu stoo na ubora vilikuwa chini yangu, na nikakuta mambo. Kila friji, kila siku, asubuhi na jioni, lilikuwa nyuzi 4. Jumamosi ambayo umeme ulikatika na jenereta likagoma, tukahamisha samaki kwa toroli kwenda kwa jirani mwenye barafu, mafriji yetu yalikuwa nyuzi 4. Friji namba tatu lilikuwa kwa fundi, mlango umeng'olewa, mota yake imelazwa juu ya gunia, nalo huko kwa fundi likaendelea kuwa nyuzi 4. Karatasi ya Ijumaa ilishajazwa tangu Jumatatu, kalamu moja, mwandiko mmoja, saini za watu watano.

Sikumlaumu aliyejaza. Friji la kweli halikai kwenye namba moja: asubuhi 3, mzigo wa kuku ukiingia 6, mchana mlango ukifunguliwa kila dakika 5, usiku linarudi 3. Safu nzima ya namba moja maana yake hakuna aliyepima, na hakupima kwa kuwa karatasi haikumtaka apime. Ilimtaka akubali. Tiki inayoweza kuwekwa mtu akiwa amekaa kwenye kiti itawekwa kwenye kiti, na ningekuwa mimi ningeweka pia, nikanywa na chai juu yake.

Nikaenda kwa meneja na kumwomba anipe zile slaidi nianze upya, kwa visanduku vichache. Akaniuliza kwa nini nataka kupunguza, wakati visanduku vingi ndivyo vinavyoonyesha umakini. Nikamtajia wapasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19 tu, vimegawanywa katika vituo vitatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara yetu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Daktari husomea kazi yake kwa miaka, lakini hakuna aliyemwandikia "Umuhimu wa figo umeeleweka". Wanaulizana kama huyu ndiye mgonjwa mwenyewe, na kama pamba zote zimehesabiwa.

Meneja akanyamaza, kisha akasema, "Haya, lakini ile nembo ya makao makuu ibaki juu." Tukakubaliana.

Kazi ikawa kuihoji kila slaidi. Je, inamtaka mtu afanye kitu kwa mkono au akione kwa jicho? Kinafanyika saa ngapi? Kikisahaulika, nani ataumwa? Yule bwana wa letusi alianguka kwenye swali la kwanza. Slaidi zinazoeleza kwa nini tunafanya hivi na vile zilibaki kwenye mafunzo, kwa sababu mgeni wa kazi anazihitaji na karatasi haiwezi kumfundisha mtu asiyejua. Usafi wa mifereji na mapazia ukaenda kwenye ratiba ya wiki. Mwisho wa yote ikabaki mistari tisa, imepangwa kwa nyakati tatu: kabla ya kuwasha majiko, kabla ya kuanza kugawa, kabla ya kufunga. Na palipowezekana niliondoa kisanduku, nikaweka nafasi ya namba.

Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa kipimajoto chenyewe. Jaza kikombe barafu iliyovunjwavunjwa, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka kijiti katikati bila kugusa kikombe, subiri namba itulie. Lazima isome 0, au karibu sana na 0. Siku ya kwanza kipimajoto chetu kilisoma 7 kwenye barafu. Shefu akakitazama kwa uchungu wa mtu aliyegundua kwamba rafiki yake wa siku nyingi ni mwongo, akakikung'uta, akabadilisha betri, kikasoma 9. Tukakizika kwenye droo ya vifungua chupa.

Halafu tukafika kwenye slaidi ya 57, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Slaidi hiyo ilizungumzia kupoza chakula kilichopikwa, mstari mmoja chini ya picha ya supu ya uyoga. Sisi supu ya uyoga hatukupika. Tulipika pilau, masufuria makubwa ya harusi, na kilichobaki kilifunikwa na kusukumwa ndani ya friji na sufuria yake, kikiwa cha moto.

Mchele mkavu huja na bakteria ambao spora zake hazifi kwa kuchemshwa. Pilau ikiwa ya moto zinalala, ikiwa baridi sana zinalala pia. Katikati hapo, kwenye uvuguvugu, zinaamka, zinazaana na kutema sumu inayotapisha, na sumu hiyo haivunjwi na kupasha asubuhi. Aliyeila hutapika ndani ya saa chache, na kwa kawaida hulaumu mayai. Sufuria yenye kina kirefu huweka uvuguvugu huo katikati yake usiku kucha, hata kama juu ukigusa kwa mkono utaona baridi kama barafu. Kwa hiyo kanuni inayotumika katika majiko mengi ni kwamba chakula kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 katika dakika 120 za kwanza, kisha hadi 5 katika saa nne zinazofuata. Niliandika dakika 120 makusudi. Ningeandika "saa 2", nusu ya jikoni wangesubiri saa mbili usiku.

Mpishi wa pilau alikuwa mama mmoja wa makamo, mkono wake ukijulikana mji mzima. Nilimpelekea karatasi kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho kikaratasi kinasemaje tena?"

Nikamsomea: gawa kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5. Baada ya dakika 120 pima katikati, andika namba. Ikizidi 21, mwaga.

"Mwaga nini?"

"Pilau, mama."

Akaniangalia kama niliyemtukania ukoo. "Mimi nimekula kiporo tangu sijaota meno. Watoto wangu sita wamekula kiporo. Nyama ile umeinunua wewe?"

Mjadala wa kiporo sikuushinda, na simjui aliyewahi kuushinda. Lakini alikubali kupima, kwa sababu kupima si kukubali. Usiku ule trei zikasoma 26. Tukazikagua pamoja: pilau ilirundikwa karibu mara mbili ya kina kilichoandikwa, ikafunikwa kwa karatasi ya foili ikifuka mvuke, na trei zikapangwa moja juu ya nyingine. Joto lingepitia wapi? Mama akatia mikono kiunoni. Akauliza nani ataieleza familia ya bwana harusi. Kisha akamwaga mwenyewe, hakukubali mtu mwingine aguse, na kwa siku kadhaa hakuniitikia salamu vizuri.

Harusi iliyofuata trei zilitandazwa mbali mbali, wazi, feni inavuma, kina cha vidole viwili. Zikasoma 18. Mama aliiandika 18 ile kubwa kuliko saini yake.

Vita vikubwa zaidi havikuwa na mama. Meneja alipoona neno "mwaga" alitaka libadilishwe liwe "wasiliana na uongozi". Nikamuuliza saa tano usiku uongozi unapatikana namba gani. Akanipa yake. Nikaipiga saa tano usiku, haipatikani. Kesho yake nikampigia tena mbele ya shefu saa hiyohiyo, haipatikani. Mpishi asiyeruhusiwa kumwaga, ukimpa mstari wa kuandika joto, ataandika 20, na huwezi kumlaumu: pilau ni ya tajiri, harusi ni ya watu, na kazi ni yake. Neno likabaki, na chini yake nikaongeza kwamba anayemwaga kwa kufuata karatasi hii hakatwi mshahara. Sentensi hiyo ndiyo pekee ambayo kila mtu jikoni aliikariri bila mafunzo.

Mkaguzi alipokuja alipita kurasa haraka, akasimama kwenye ukurasa uliokuwa na 26 na neno "imemwagwa". Meneja akaanza kutoka jasho. Mkaguzi akasema hiyo ndiyo karatasi ya kwanza siku hiyo aliyoiamini.

Nawe ukiwa na shughuli nyumbani Jumamosi hii, trei ziwe tayari kabla sufuria haijaepuliwa, na mtu mmoja awe ameshapewa ruhusa ya kumwaga.