Komando na Muuza Maziwa

Komando aliingia kwetu Kihonda, Morogoro, ndani ya boksi la sabuni, mtoto wa wiki nane hivi, masikio yamelala. Wezi walikuwa wameshabeba pampu ya maji na kuku wawili wa mama mkwe, hivyo mume wangu, Baba Zuhura, alirudi na mbwa na somo alilolipata kijiweni: mbwa wa ulinzi afungwe mchana kutwa, asizoeane na watu, ugali wake utiwe pilipili. Shemeji Hamisi, mdogo wake, aliliunga mkono somo hilo kwa nguvu zote. Alikuwa na hadithi ya mbwa wa tajiri fulani aliyekula pilipili mpaka akawa anabweka hata akiona kivuli cha ndege.

Pilipili ilimharisha mtoto wa mbwa, basi. Kufungwa ndiko kulikoharibu mambo. Bwana mifugo alipokuja kumchanja alitueleza, na Baba Zuhura akaitikia kwa adabu bila kusikia, kwamba mtoto wa mbwa, kuanzia wiki ya tatu hivi mpaka kama ya kumi na nne, ndipo anapojifunza vitu gani duniani ni vya kawaida: mtoto anayekimbia, mzee mwenye bakora, mama aliyejifunika ushungi, mtu mwenye mzigo kichwani. Asichokiona wakati huo kinaweza kumtisha ukubwani, na mbwa wengi wanaong'ata wanang'ata kwa woga. Mbwa aliyefichwa watu hamtofautishi mwizi na shangazi. Kwake wote ni wageni.

Komando akafungwa mnyororo getini, mahali pazuri kwa maoni ya wanaume wa nyumba hii, kwa kuwa kila anayebisha angemwona. Naye kila anayebisha alimwona, akamrukia, akakabwa na mnyororo. Lakini aliyemfundisha kazi hasa ni muuza maziwa. Kila alfajiri kijana huyu alikuja na baiskeli, akagonga geti, Komando akabweka, maziwa yakamiminwa kwenye sufuria, kijana akaondoka. Hesabu ya kibinadamu ni kwamba kijana amemaliza biashara. Hesabu ya Komando: nimebweka, adui amekimbia. Ushindi kila siku asubuhi, bure, bila pilipili. Mbwa anayeshinda kila siku haachi vita, anaongeza. Alianza kwa kubweka, akaja kuonyesha meno, mwisho akawa anakaa kimya, mwili umekakamaa, mkia juu, macho hayapepesi. Hapo ndipo pa kuogopa kuliko kelele zote.

Siku nguzo ya mnyororo ilipong'oka, muuza maziwa alishakwenda zake. Aliyekuwa anaingia getini ni Shemeji Hamisi.

Suruali ilikwenda, na sehemu ya shavu la mguu ikafuata. Nilimkalisha bombani nikamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, naye akipiga kelele kwamba ninammalizia maji ya nyumba. Hospitalini walimwanzishia sindano za kichaa cha mbwa, ingawa kadi ya chanjo ya Komando tulikuwa nayo mkononi, na mbwa mwenyewe akawekwa chini ya uangalizi siku kumi. Akazimaliza anakula vizuri kuliko mgonjwa wake.

Kikao cha ukoo kilikaa barazani. Baba mkubwa alitaka mbwa auawe. Shemeji, mguu umefungwa bendeji, alitaka apigwe kila anaponguruma. Safari hii bwana mifugo aliitwa kwa heshima na akapewa kiti. Alianza na hilo la kipigo: mbwa akinguruma anatoa onyo, ukimpiga kwa hilo anaacha kuonya, halafu siku moja anang'ata bila hodi. Akageukia mnyororo, utolewe getini. Komando ajengewe banda nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa wavu unaomwonyesha watu wakipita uani bila kumpa nafasi ya kuwavamia, na usiku, geti likishafungwa, aachiwe azunguke. Wakati wa mazoezi ashikwe kwa kamba ya kawaida, na mtu mzima.

Kazi ya mbwa wa nyumbani, alisema, ni kutoa taarifa. Kuamua nani aingie ni kazi ya mwenye nyumba. Kwa hiyo abweke, na tusimkataze, ila tumfundishe mahali pa kuishia. Tulitandika gunia hatua kama ishirini kutoka getini. Kwanza alijifunza gunia lenyewe, geti likiwa kimya: ukisema "Gunia!" unarusha dagaa mmoja juu yake, akikanyaga anapata wa pili, akilala anapata wa tatu. Alipokuwa anakwenda mwenyewe kabla dagaa hajarushwa, ndipo Zuhura akatumwa kwenda nje kugonga geti. Komando akabweka mara tatu nne, baba yake Zuhura akasema "Asante, gunia," mbwa akasimama katikati akiwaza. Harufu ya dagaa ikamshinda.

Baada ya Zuhura wakaja majirani, mmoja mmoja, kila mmoja akipewa sharti: usimkodolee macho, usimnyooshee mkono, usikimbie, usipige kelele za kumbembeleza. Simama ubavu, ongea na wenyeji. Mbwa akikakamaa au akikataa dagaa aliyezoea kumla, mmekaribia mno, rudini nyuma mpaka ale tena. Kukataa chakula ndiko kulikotusaidia zaidi, kwa sababu hata Baba Zuhura aliweza kukuona.

Muuza maziwa tulimwekea mpango wake. Badala ya kumimina na kutoweka, alisimama nje ya geti kwa mbali, Komando akiwa ameshikwa, akarusha dagaa kabla mbwa hajafungua mdomo, akaendelea kusimama. Hesabu ya zamani ikavurugika: adui hakimbii, tena analeta kitoweo. Ilichukua muda mrefu kuliko majirani wote, na kijana alidai alipwe dagaa wake mwenyewe, tukampa.

Mama mkwe alipofika kutoka Tanga alileta mtihani wa upande wa pili. Yeye haogopi meno, anaogopa mate. Kwake mate ya mbwa ni najisi, chombo kikilambwa kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na kanzu yake ya kuswalia haina mjadala. Komando kwa wakati huo alikuwa ameanza kupenda wageni kupita kiasi, na mbwa anayemrukia bibi kwa mapenzi ni balaa sawasawa na anayemng'ata. Gunia likatuokoa. Mama mkwe aliingia, mbwa akabweka, akaambiwa, akalala, mkia ukifagia vumbi, na mama akapita na mkeka wake bila hata kunyanyua pindo. Bado watoto wadogo wa wageni hawaachwi naye peke yao, na Shemeji Hamisi anapokuja, Komando anaingizwa bandani kabla geti halijafunguliwa. Hawa wawili wana kumbukumbu.

Shida tuliyonayo sasa ni nyingine. Komando amegundua mtiririko wote: kubweka, kunyamaza, gunia, dagaa. Mchana, getini hakuna hata paka, anabweka mara tatu, anajipeleka mwenyewe kwenye gunia, analala na kunitazama jikoni kama mtu anayesubiri mshahara. Bwana mifugo amesema tusilipe kubweka hewa, tulipe tu pakiwa na mtu kweli, tena baada ya ukimya mrefu, na siku nyingine tusilipe kabisa. Nalitekeleza. Mama mkwe, ambaye hamgusi mbwa wala hataki aguswe, nimemfuma dirishani akimrushia dagaa wa hewa.