Sifa za hin na her

Kijerumani kina silabi mbili, hin na her, ambazo hazijawahi kusifiwa inavyostahili. Wanafunzi huzilaani, na Wajerumani wenyewe wakiwa nyumbani huzikatakata wasizitamke nzima. Huo ni utovu wa shukrani, kwani silabi hizi ndizo zinazomhakikishia kila msemaji, awe mfalme au mfagizi, kwamba yeye ndiye kitovu cha dunia. Hin huonyesha mwendo unaomwacha msemaji na kwenda zake. Her huonyesha mwendo unaomjia.

Kazi yao huonekana wazi zaidi zinapotangulia neno la mahali. Kwa kuingia ndani kuna hinein na herein, kwa kutoka nje hinaus na heraus, kwa kupanda hinauf na herauf, kwa kushuka hinunter na herunter. Kiswahili ni kivivu katika jambo hili. Mtu aliyesimama barazani humwambia mwenzake “ingia”, na aliyeketi sebuleni humwambia “ingia” vilevile, wala hakuna anayepotea njia. Mjerumani hapewi raha hiyo. Akiwa nje husema “Geh hinein!”, kwa kuwa mwenzake anakwenda kule asikokuwa yeye. Akiwa ndani husema “Komm herein!” Na mgeni akibisha hodi, mwenyeji hujibu kwa neno moja tu, “Herein!”, ambalo hufanya kazi ya “karibu” na papo hapo kuthibitisha kwamba anayeitika yumo ndani ya chumba, kana kwamba sauti inayotoka nyuma ya mlango ingeweza kuzua shaka.

Ukarimu wa silabi hizi huonekana hasa kwenye ngazi. Mama yuko jikoni chini, binti yuko chumbani juu, na mvulana wa nyumba hiyo yumo katikati ya ngazi. Akipanda, mama husema “Er geht hinauf” na binti husema “Er kommt herauf”. Akishuka, mama husema “Er kommt herunter” na binti “Er geht hinunter”. Kwa Kiswahili mtoto huyu anapanda au anashuka, basi. Kwa Kijerumani safari zake mbili zimezaa sentensi nne, zote sahihi, na anayebadilishana sentensi na mwenzake hukosea hata kama miguu ya mtoto haikubadili njia. Kitenzi nacho kimeshirikishwa: gehen hufuatana na hin, kommen hupendelea her.

Kisha mama huita chakula: “Komm herunter!” Mvulana, ambaye sasa yuko chumbani, anapaswa kujibu. Kanuni ikifuatwa neno kwa neno, yeye anaondoka alipo, kwa hiyo ni hinunter. Lakini kitenzi kommen kimekwisha kumhamishia upande wa mama, anayemwona akija, na Wajerumani wengi hapo husema herunter kwa heshima ya macho ya anayesikiliza. Njia zote mbili husikika. Hapa ndipo kanuni inapofikia mpaka wake: kitovu cha dunia kinaweza kuazimwa, na anayekiazima huwa ameketi mezani kabla miguu yake haijafika.

Watunzi wa hadithi wamenufaika kuliko wote. Sentensi “Jemand kam die Treppe herauf” inasema mtu alipanda ngazi, lakini pia inamweka msomaji juu, karibu na mhusika anayesikia nyayo zikimkaribia. “Jemand ging die Treppe hinauf” inamwacha msomaji chini, akitazama mgongo wa mtu anayekwenda zake. Hofu iliyomo katika sentensi ya kwanza haimo katika ya pili. Mfasiri wa Kiswahili akiandika “mtu alipanda ngazi” amebaki na ngazi na kuipoteza hofu. Itambidi aseme mtu huyo alikuwa akija huku juu, na sentensi yake itakuwa ndefu kidogo kwa kosa ambalo si lake.

Isidhaniwe kwamba msaada huu ni wa lazima. Katika “Er geht in das Haus hinein” mwendo wa kuingia umekwisha kusemwa na in pamoja na das, ambayo hapa huonyesha kuelekea. Neno hinein linakuja mwishoni kusema tena yale yale, na kwa bidii hiyo linastahili pongezi. Hukaa mkiani mwa sentensi kwa sababu ni sehemu ya kitenzi hineingehen, kinachokatika vipande viwili katika wakati uliopo na kurudi kuwa kimoja katika hineingegangen. Hata maswali hayakunusurika. Wohin na woher, yaani wapi kwa kwenda na wapi kwa kutoka, mara nyingi hupasuliwa: “Wo gehst du hin?”, “Wo kommst du her?” Anayejibu baada ya kusikia wo peke yake huenda akataja mahali alipo, ilhali aliulizwa anakokwenda.

Kuna pia maneno ambayo dira yake imeganda, na hapo sifa huanza kuhitaji ujasiri. Herausgeben ni kuchapisha na kutoa kitabu, popote alipo msemaji. Hereinfallen, kuangukia ndani huku, ni kutapeliwa. Hervor, inayoonyesha kujitokeza, haina pacha wa hin, na anayeunda hinvor kwa mantiki atatazamwa kwa huruma. Mapacha wa hatari zaidi ni herrichten na hinrichten. La kwanza ni kutayarisha, kama kutandika chumba cha mgeni. La pili ni kumnyonga au kumkata kichwa aliyehukumiwa kifo. Mwanafunzi anayetangaza kwa furaha kwamba ameshughulikia chumba kwa kitenzi cha pili atasamehewa, kwa kuwa chumba hakina shingo. Akimtaja mgeni mwenyewe, itabidi aeleze.

Hata wakati umegawiwa kati ya hizi mbili. “Das ist drei Jahre her” ni jambo lililotokea miaka 3 iliyopita, kana kwamba linatembea kumjia msemaji kutoka zamani. “Es ist noch lange hin” ni siku iliyo mbali mbele, ambayo bado haijafikiwa.

Kwa hisani zote hizi, Wajerumani walio wengi wamelipa kwa usaliti. Katika mazungumzo ya kila siku, hasa kaskazini, herein na hinein zote zimekuwa rein, heraus na hinaus zimekuwa raus, herunter na hinunter zimekuwa runter. Herufi r ni masalia ya her, lakini haisemi tena msemaji yuko wapi: “Geh rein” na “Komm rein” zote hukubalika. Mgeni aliyechoka anaweza kujificha humo bila kugunduliwa, mradi anazungumza. Katika barua rasmi na insha ya mtihani huhitajika maumbo kamili.

Waaminifu wamebaki kusini. Katika Kibavaria na lahaja nyingi za Austria, silabi zimehamia nyuma ya neno na kuchakaa, lakini tofauti imehifadhiwa: kuingia kule ni eini, kuingia huku ni eina, kutoka kule aussi, kutoka huku aussa. Sasa kila kitu kinabebwa na irabu ya mwisho, i kwa kwenda na a kwa kuja, na mtu wa Hamburg aliyefika München huambiwa waziwazi msemaji amesimama wapi, bila kutambua kwamba ameambiwa.