Waraka kwa wakuu wa vitengo vya hatari katika benki zinazouza opsheni za sarafu

Waheshimiwa,

Jedwali mnalowapelekea wakurugenzi kabla ya kura kubwa nimelisoma kwa makini. Bei inapanda au kushuka hadi asilimia 5, na kiwango cha kuyumba kinashuka tu, kwa hoja kwamba soko hutulia matokeo yakishatoka. Limepangwa kwa unadhifu. Lakini limekoma pale hasara inapoanzia, na wakurugenzi wanaliidhinisha wakidhani wameona yote.

Kumbukeni kura ya Brexit ya 23 Juni 2016. Usiku ule pauni ilianguka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya 1.33, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1985. Hiyo ni zaidi ya asilimia 11, nje kabisa ya jedwali lenu.

Tuseme meza yenu ilinunua haki ya kuuza pauni milioni 10 kwa dola 1.42, na ili kupunguza gharama ikawauzia wateja haki ya kuuza pauni milioni 30 kwa 1.35. Pauni iko 1.48, zimebaki siku 30, na kuyumba kunakotarajiwa ni asilimia 25 kwa mwaka. Pauni ikishuka asilimia 5 na kuyumba kukashuka hadi 15, mnapata faida ya takriban dola 120,000. Hicho ndicho kisanduku mnachowaonyesha wakurugenzi. Bei ileile, kuyumba kukipanda hadi 35, ni hasara ya takriban 350,000. Pauni ikishuka asilimia 10 pamoja na kuyumba huko kwa 35, hasara inafika karibu 840,000. Vitabu havijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni visanduku mlivyokubali kuvitazama.

Naomba basi jedwali lifike asilimia 15 kila upande, kuyumba kupande na kushuka, na kila opsheni ikokotolewe upya katika kila kisanduku. Kukadiria kwa delta na gama za leo hakutoshi: zinapimwa bei ikiwa 1.48, na opsheni mlizouza hubadilika tabia zikikaribia 1.35. Hata hapo, jedwali linalopandisha kuyumba kwa kiasi kimoja kwa opsheni zote linawapendelea, kwa sababu soko likishtuka, zile za bei za chini ndizo hupanda zaidi. Zipandisheni peke yake, mtazame tena.

Kisha amueni mapema. Kununua haki ya kuuza pauni milioni 20 kwa 1.28 kungeweka ukomo wa hasara yenu. Kabla ya kura mngelipa bei inayojulikana. Usiku wa matokeo, kila aliyeuza kama ninyi anaitafuta kinga hiyohiyo, na wauzaji ni wachache.

Wenu katika kazi.